Miezi sita ya afueni, lakini riba haijalala

Kuna aina ya mkopo ambayo wakulima wa Pwani wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Unachukua pesa kabla ya msimu, unalima, unapalilia, unapulizia dawa, na hulipi senti mpaka mavuno yauzwe. Siku hiyo unalipa deni lote kwa mkupuo mmoja, msingi na riba yake. Juu ya hayo mkopeshaji anakupa miezi kadhaa ya mwanzo anayoiita muda wa afueni. Kwa mtu ambaye mapato yake huja mara moja kwa mwaka, mpangilio huu unafaa kuliko ule wa kulipa kila mwezi, kwa sababu mkorosho hautoi mshahara mwisho wa mwezi.

Tatizo liko katika neno afueni lenyewe. Mgonjwa akipata afueni, homa imepungua. Katika barua ya mkopo, mara nyingi homa inaendelea kupanda, ila hakuna anayekupima. Nimeshika vitabu vya hesabu vya kikundi cha wakulima kwa miaka kadhaa, na watu huniletea barua zao za mikopo niwasomee. Swali linalonijia mara nyingi ni moja: mbona naambiwa nilipe zaidi ya nilivyohesabu? Jibu halihitaji kisomo kikubwa. Linahitaji barua, kikokotoo cha simu na kujua mahali pa kutazama.

Nitatumia mkopo wa mama mmoja mkulima wa Tezo, kule Kilifi, ambaye ameniruhusu nitumie hesabu zake bila kumtaja jina. Ana mikorosho ipatayo mia tatu. Aprili 2024 alikopa shilingi 120,000 za kupogoa matawi, kulipa vibarua wa palizi na kununua salfa ya kupulizia maua yasiliwe na ukungu mweupe. Barua ilisema hivi: riba asilimia 18 kwa mwaka, muda wa afueni miezi sita, mkopo wote kulipwa kwa mkupuo mmoja tarehe 10 Januari 2025. Pesa ziliingia kwenye akaunti yake tarehe 10 Aprili. Ni miezi tisa kamili.

Yeye alikuwa ameshapiga hesabu yake kabla ya kunijia. Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia moja na nusu kwa mwezi, yaani shilingi 1,800 juu ya kila mwezi wa mkopo wa 120,000. Akatoa miezi sita ya afueni, ikabaki mitatu. Mara tatu ni 5,400. Kwa hiyo akawa anatarajia kulipa shilingi 125,400. Barua ilikuwa na jedwali dogo chini kabisa, na pale palisomeka shilingi 136,686.

"Mwanangu, hizi elfu kumi na moja ni za nani?" akaniuliza.

Hesabu yake haikuwa na kosa lolote la kuzidisha wala kujumlisha. Alichofanya ni kulisoma neno afueni kwa maana yake ya kawaida. Kwa mkopeshaji, neno hilo linaweza kuwa na maana tatu, na kila maana ina jumla yake.

Maana ya kwanza ni ile aliyoidhani yeye: riba hailipwi na wala haihesabiwi kwa miezi hiyo sita. Huo ndio msamaha wa kweli. Upo, lakini ni adimu, na ukipewa utauona umeandikwa wazi kwamba hakuna riba katika kipindi hicho, kwa sababu mkopeshaji anayetoa zawadi ya shilingi 10,800 haifichi.

Maana ya pili ni kwamba hulipi, ila riba inahesabiwa pembeni. Kila mwezi 1,800 inaandikwa na kusubiri. Baada ya miezi tisa zimekuwa 16,200, na deni lote ni 136,200. Riba imekaa peke yake na msingi umekaa peke yake, havijachanganywa.

Maana ya tatu ndiyo iliyokuwa kwenye barua ya mama huyu. Riba ya miezi sita inahesabiwa, kisha siku ya mwisho ya afueni inaingizwa ndani ya msingi. Kuanzia hapo riba inatozwa juu ya jumla mpya. Hesabu yake ni hii, na unaweza kuibonyeza kwenye simu mstari kwa mstari:

```
120000 × 0.015 × 6 = 10800
120000 + 10800 = 130800
130800 × 0.015 × 3 = 5886
130800 + 5886 = 136686
```

Hiyo ndiyo namba ya jedwali, mpaka shilingi ya mwisho. Namba ikitoka sawasawa hivyo, umeshajua mkopeshaji anahesabu vipi, hata kama ofisa wake hakukueleza. Ukikosa shilingi chache, kuna jambo lingine ndani ambalo hujaliona, na inafaa ulitafute kabla ya kutia sahihi.

Maneno ya kutafuta kwenye barua ni yale yanayozungumzia riba "kuongezwa kwenye msingi" au "kuwa sehemu ya deni la msingi". Barua nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, basi mwambie ofisa akuoneshe kwa kidole aya inayosema riba ya muda wa afueni inakwenda wapi. Asikujibu kwa mdomo tu. Kama aya hiyo haipo, mwombe aandike na agonge muhuri.

Sasa angalia jambo ambalo huwashangaza wengi. Kinachoogopwa sana ni riba juu ya riba. Lakini kati ya maana ya pili na ya tatu tofauti ni shilingi 486 tu. Hata kama mkopeshaji angekuwa anaingiza riba kwenye msingi kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, deni lingefika karibu shilingi 137,207, yaani takriban elfu moja juu ya hesabu ya kawaida. Kwa mkopo wa msimu mmoja na riba ya kiwango hiki, riba juu ya riba bado haijapata muda wa kunenepa. Pesa kubwa ziko kwenye swali la kama afueni ina riba au haina. Hapo ni shilingi 10,800 kwa mkupuo mmoja. Nimewaona watu wakibishana saa nzima ofisini juu ya zile mia nne, na hizi elfu kumi zikapita mlangoni bila kuulizwa.

Kuna sentensi nyingine ambayo hutolewa kama tamu ya mkopo: kwamba riba ni "ya salio linalopungua". Kwa mkopo wa kulipa kila mwezi, sentensi hiyo ina uzito mkubwa. Kila unapolipa msingi unapungua, na riba ya mwezi unaofuata inapungua nayo. Lakini katika mkopo wa mkupuo mmoja hakuna kinacholipwa mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo hakuna salio linalopungua. Asilimia 18 ya salio linalopungua na asilimia 18 ya kiwango kisichobadilika zitakupa riba ileile kwa miezi tisa, ukifuata tarehe uliyopewa. Sentensi hiyo inaanza kuwa na maana siku utakapotaka kulipa sehemu ya deni mapema, nami nitairudia mbele.

Jihadhari zaidi na riba inayotozwa kwa mwaka mzima hata kama mkopo ni wa miezi tisa. Baadhi ya wakopeshaji wadogo huandika tu "riba asilimia 18", bila kutaja kwa mwezi, kwa mwaka wala kwa siku. Kwa mkopo wetu hiyo ni 21,600 moja kwa moja, na deni la 141,600. Ukigawa kwa miezi tisa unapata shilingi 2,400 kila mwezi, ambayo ni asilimia mbili kwa mwezi, au 24 kwa mwaka. Namna ya kugundua ni rahisi: chukua riba yote iliyo kwenye jedwali, gawa kwa msingi, gawa tena kwa idadi ya miezi, kisha zidisha kwa kumi na mbili. Ikija juu sana ya kiwango ulichoambiwa, uliza. Kwa barua ya mama wa Tezo, 16,686 gawa kwa 120,000 gawa kwa 9 mara 12 inakuja asilimia 18.5. Ile nusu ya ziada ni riba juu ya riba, na inaeleweka.

Mama huyu aliposhaelewa, alikubali na akatia sahihi. Pesa alizihitaji na maua hayangoji. Mimi sikumkataza. Kujua kwamba utadaiwa 136,686 na kuridhika nayo ni tofauti kabisa na kuikuta Januari ukiwa umeshapanga karo za watoto kwa 125,400.

Januari 2025 alinijia tena. Alikuwa amekwenda kuuliza deni lake siku chache kabla ya tarehe, akapewa taarifa iliyochapishwa: shilingi 138,648. Barua ilisema 136,686. Ofisa akamwambia ni "riba ya kawaida, mama, mfumo ndio unaohesabu."

Mfumo unahesabu kweli, lakini unahesabu ulicholishwa. Hapa kuna mbinu ambayo ningependa kila mkulima aishike. Ukipata tofauti kati ya barua na taarifa, usianze kupiga hesabu yote upya. Chukua tofauti yenyewe uitazame. 138,648 toa 136,686 ni 1,962. Kisha jiulize: ni kitu gani katika mkopo huu kina thamani ya 1,962? Riba ya mwezi mmoja baada ya afueni ni 130,800 mara 0.015, nayo ni 1,962 kamili. Tofauti ilikuwa ni mwezi mmoja wa riba, si zaidi wala si pungufu.

Sasa tulijua la kutafuta. Miezi tisa ilikuwa imegeuka kumi. Tarehe ya mwisho haikubadilika, kwa hiyo iliyobadilika ni ya mwanzo. Tukatazama juu ya taarifa, na pale palikuwa na tarehe ya kuanza mkopo: 10 Machi 2024. Hiyo ndiyo tarehe ambayo kamati iliidhinisha maombi yake. Pesa zilichelewa mwezi mzima kwa sababu karatasi za dhamana zilikuwa bado zinapitiwa, zikaingia 10 Aprili. Mfumo ulikuwa umelishwa siku ya kuidhinishwa badala ya siku ya pesa kutoka, na mama akatozwa riba ya mwezi ambao pesa zilikuwa bado mfukoni mwa mkopeshaji.

Ushahidi ulikuwa mwepesi. Taarifa ya akaunti yake ilionesha tarehe pesa zilipoingia, na ujumbe wa simu wa siku ileile alikuwa hajaufuta. Barua nayo ilisema riba itaanza siku pesa zitakapotolewa. Akapeleka nakala za vitu hivyo vitatu pamoja na barua fupi ya mistari minne: tarehe iliyo kwenye mfumo, tarehe ya kweli, tofauti ya 1,962, na ombi la taarifa mpya. Kabla ya wiki kwisha alipewa taarifa ya 136,686. Hakukuwa na ugomvi, na sidhani kulikuwa na nia mbaya. Lakini asingeuliza, angezilipa.

Kwa hiyo weka ule ujumbe wa simu. Kama pesa zilikuja kwa M-Pesa, ujumbe una tarehe, saa na kiasi. Kama ziliingia benki, omba taarifa ya akaunti ya mwezi huo. Na kama mkopo ulitolewa kwa mafungu, mathalani nusu kwa ajili ya palizi na nusu kwa ajili ya dawa, kila fungu lina tarehe yake na riba yake. Fungu la pili halipaswi kubeba riba ya siku ambazo lilikuwa halijatoka.

Wakati mwingine tofauti itakuwa ndogo, ya makumi au mamia machache. Hapo kwa kawaida ni suala la kuhesabu siku. Wengine wanahesabu kwa miezi, wengine kwa siku halisi. Kutoka 10 Aprili hadi 10 Januari ni siku 275, na robo tatu ya mwaka ni siku 273 na kitu. Kwa siku halisi, deni la mama wa Tezo lingekuwa takriban 136,765, yaani shilingi 79 zaidi. Kuna pia wanaogawa mwaka kwa siku 360 badala ya 365, na hapo zinaongezeka mia mbili hivi. Tofauti za namna hii ni sawa kuzifahamu, lakini usichome nauli ya kwenda Mombasa kwa ajili yake. Tofauti inayolingana na mwezi mzima wa riba, au na ada fulani, ndiyo ya kuifuata.

Nimetaja ada. Mama huyu aliandikiwa mkopo wa 120,000 lakini hazikumfikia zote. Ilikatwa ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia mbili na nusu, shilingi 3,000, na bima ya asilimia moja, 1,200. Akapokea 115,800. Riba ikahesabiwa juu ya 120,000, pamoja na zile 4,200 ambazo hakuzigusa. Ukitazama kwa jicho la mfuko wake, amepokea 115,800 na amerudisha 136,686. Mkopo umemgharimu 20,886 kwa miezi tisa. Hiyo ni asilimia 18 ya alichopokea kwa miezi tisa tu. Ukiipeleka kwenye mwaka inakuwa karibu 24. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha wakopeshaji wawili, usilinganishe viwango vya riba walivyotundika ukutani. Muulize kila mmoja maswali mawili: nitapokea ngapi mkononi, na nitarudisha ngapi tarehe fulani? Anayetangaza asilimia 20 bila makato anaweza kuwa nafuu kuliko anayetangaza 18 na makato.

Tuje kwenye tarehe ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari kubwa ya mikopo hii kuliko riba yenyewe. Wakulima husema "nitalipa kwenye mavuno", na ofisa huitikia "naam, kwenye mavuno". Lakini barua haijui mavuno. Inajua tarehe. Korosho zetu huanza kuokotwa karibu na Novemba na huendelea hadi baada ya mwaka mpya, na mvua za vuli zikivuruga maua, zinasogea. Kisha kuna siku za kuanika, kumsubiri mnunuzi na kumsubiri tena alipe. Tarehe 10 Januari inaweza kukukuta magunia yako yamejaa na mfuko uko mtupu.

Katika mkopo wa kila mwezi, ukichelewa awamu moja, faini hutozwa juu ya awamu hiyo. Katika mkopo wa mkupuo mmoja, ukichelewa siku moja, kilichochelewa ni deni lote. Barua ya mama wa Tezo ilikuwa na faini ya asilimia mbili kwa mwezi juu ya kiasi kilichochelewa. Asilimia mbili ya 136,686 ni shilingi 2,734. Na riba ya kawaida haikomi, inaendelea na 1,962 zake. Mwezi mmoja wa kuchelewa ungemgharimu 4,696.

Linganisha na kuomba tangu mwanzo tarehe iwe 10 Februari. Mwezi huo wa ziada ungemgharimu 1,962 tu, bila faini na bila doa kwenye rekodi yake ya mikopo. Tarehe ya mbali ni nafuu ukiinunua mapema kuliko ukiinunua baada ya kuchelewa. Na ukiona mapema kwamba hutafika, andika barua ya kuomba kuongezewa muda kabla ya tarehe haijapita. Mkopeshaji ana nafasi kubwa ya kukusikiliza wakati huo, kwa sababu mkopo wako kwenye vitabu vyake bado ni mzima.

Kama mkopo umeharibika kabisa na mkopeshaji ni benki, kuna ukuta mmoja wa sheria unaofaa kujulikana. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinazuia benki kudai riba inayozidi msingi uliokuwa haujalipwa pale mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki. Yaani kama msingi uliobaki wakati huo ulikuwa 120,000, riba haiwezi kupanda mpaka iwe laki mbili. Ni ukuta wa mbali, na natumaini hutaufikia, lakini nimeona familia zikiuza shamba bila kujua kwamba upo. Gharama za kudai deni ziko nje ya ukuta huo.

Wengi wetu huku hawakopi kwa riba, na kwa sababu za dini hawataki hata kuisikia. Wanaochukua murabaha kutoka benki za Kiislamu wana hesabu nyepesi zaidi upande mmoja: benki inanunua salfa na pampu, inakuuzia kwa bei iliyo juu, na bei hiyo hufungwa siku ya mkataba. Haipandi kwa kuwa siku zimesogea. Lakini mambo mawili bado yanahitaji jicho lilelile. Tarehe ya kulipa ilingane na siku unayopata pesa, na mkataba useme wazi kinachotokea ukichelewa, na pesa hizo za kuchelewa zinakwenda wapi.

Kabla ya kutia sahihi, geuza deni liwe kilo. Hii ni hesabu ambayo hakuna ofisa atakayekufanyia. Tuseme bei ya korosho mbichi ni shilingi 60 kwa kilo: 136,686 ni kilo 2,278 na ushee. Bei ikishuka hadi 50, ni kilo 2,734. Mama wa Tezo kwa mwaka mzuri hutarajia kilo elfu tatu. Kwa bei ya 60 anabaki na kama elfu 43 baada ya deni, kwa bei ya 50 anabaki na elfu 13, na hapo hajalipa waokotaji. Shilingi kumi za bei zimemla zaidi ya riba yote ya afueni. Mtu anayeona hesabu hiyo mapema anaweza kuamua kukopa 80,000 badala ya 120,000, akapogoa miti mia mbili mwaka huu na mia moja mwakani.

Msimu uliofuata mama huyu alikopa tena, mahali palepale. Safari hii alikwenda na karatasi yake mwenyewe. Aliomba mambo matatu yaandikwe: riba ianze siku pesa zinapoingia kwenye akaunti, tarehe ya mwisho iwe 10 Februari, na akilipa sehemu ya deni mapema, riba ya siku zilizobaki ihesabiwe juu ya salio dogo. La kwanza na la pili walikubali papo hapo. La tatu lilibishaniwa, kwa sababu mkataba wao ulikuwa unatoza riba yote hadi tarehe ya mwisho hata mtu akilipa kabla. Hapo ndipo ile sentensi ya "salio linalopungua" ilipomfaa. Aliwaonesha imeandikwa kwenye tangazo lao wenyewe, akauliza inapungua lini kama si siku anapolipa. Wakaiandika.

Desemba aliuza gunia za mwanzo, akapeleka shilingi 50,000 miezi miwili kabla ya tarehe. Kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi, hizo zilimwokolea 1,500. Alizitumia kulipa lori la kubebea zilizobaki.